Mtu akikupa "Halo" kavu kisha akashusha pumzi, unamjibu nini?

WakalaLikoni · Jumatatu, saa 3 usiku

Jamani, nisaidieni kwa jambo ambalo limenikaa rohoni tangu asubuhi.

Nina kibanda cha M-Pesa upande wa Likoni, pale ukishapanda mlima kutoka kwenye feri. Watu wakishuka huja kwa mkupuo, wote wana haraka. Leo mwendo wa saa mbili asubuhi alikuja mama mmoja wa makamo. Simu ameishika kwa mikono miwili, kidole gumba kiko juu ya kioo. Akaniambia, "Halo." Hakusema "hujambo" wala "habari". Kisha akashusha pumzi ndefu, mabega yakashuka nayo.

Mimi nikaona mama wa watu amenuna, wacha nimchangamshe. Nikamwambia, "Halo mamangu! Habari za asubuhi? Za nyumbani? Mbona umenuna hivyo asubuhi yote hii, cheka kidogo basi!"

Akajibu "Nzuri," akageuka, akaenda zake.

Mchana jirani yangu wa kibanda cha tatu ndiye aliyenieleza. Yule mama alikuwa ametuma shilingi 4,500 kwa nambari isiyo yake. Tarakimu mbili za mwisho alizipindua, 63 ikawa 36. Alikuwa anatafuta mtu wa kumwonyesha la kufanya. Alipofika kwa jirani na kuelekezwa, ujumbe ulipotumwa, yule aliyepokea alikuwa ameshazitoa.

Sisemi pesa zimepotea kwa sababu yangu. Lakini alisimama kwangu kwanza, na nikamfukuza kwa mdomo wangu mwenyewe nikidhani ninamkaribisha. Ninachouliza ni hicho tu: ile "halo" na ile pumzi, ningeijibu vipi?

---

TuktukMtongwe · saa 3:20 usiku

Pole dadangu. Lakini hiyo rahisi. Ule ujumbe wa M-Pesa wa kuthibitisha muamala, anautuma kama ulivyo kwa 456, kutoka laini ile ile iliyotuma pesa. Awahi kabla huyo mwingine hajatoa. Ungemwambia hivyo tu angekushukuru.

---

WakalaLikoni · saa 3:26 usiku

Ahsante kakangu, hiyo naijua, naifanyia watu kila wiki. Shida yangu ni kwamba sikufika huko. Hakunieleza neno. Nilimpoteza kwenye salamu, kabla shida yake haijatoka mdomoni.

---

BiMkubwaKibokoni · saa 4 usiku

Mwanangu, hukukosea kumsalimu. Sisi tumelelewa hivyo. Mtu akikupa salamu, humkatii. Unamuuliza hali yake, ya watoto, ya nyumbani, ndipo mambo mengine yaje. Hata kwenye dini, aya ya 86 ya Suratun Nisaa yatuamrisha tukisalimiwa tujibu kwa iliyo bora zaidi. Yeye akikupa kavu, wewe mpe nzuri. Kosa lako ni lile la "umenuna". Hilo sikutetei. Mtu mzima haambiwi amenuna. Ungeliacha hilo, salamu yako yote ilikuwa sawa.

---

MiakaTisaKwaSimu · saa 4:40 usiku

Dada wa Likoni, nimekaa miaka tisa nikipokea simu za wateja, nane kati ya hizo kwenye meza ya malalamiko hapa mjini. Simu ya namna hiyo, "Halo... haaah", nilikuwa naipokea kila siku, na mwanzoni nilikuwa nazipoteza kama ulivyompoteza huyo mama. Nitakueleza nilichokiona. Bi Mkubwa naye anisamehe, kwa sababu mimi naona kosa lilianza kabla ya "umenuna". Lilianza kwenye "Habari za asubuhi?"

Tazama vile neno hilo linavyofanya kazi. "Habari" kwa Kiswahili ni swali lenye jibu moja tu. Ukiulizwa habari, unasema nzuri, hata kama nyumba inaungua. Ukitaka kusema mbaya, bado unaanza na "nzuri, lakini..." Sasa mtu amekuja na jambo limemjaa kifuani, na wewe wamwuliza swali ambalo jibu lake ni uongo. Ana njia mbili. Akuambie "nzuri" kwa sauti ya kukata, au avunje adabu akuambie si nzuri. Wengi huchagua ya kwanza, na wakishaitamka mlango umejifunga, kwa sababu sasa atarudije kusema ana shida na ameshasema mambo ni mazuri? Yule mama alikujibu "Nzuri" akaondoka. Neno ulilompa lilikuwa na nafasi ya hilo tu.

Kisha ukamwongeza "za nyumbani". Hilo ni la pili. Halafu "mbona", la tatu. Maswali matatu kwa mtu ambaye amekupa neno moja.

Mimi nilichojifunza kufanya ni kurudisha salamu yake kwa kipimo chake, isiyo na swali ndani yake. Akisema "Halo", nasema "Halo, karibu." Akisema "Habari", nasema "Nzuri, karibu," simrudishii "na wewe je". Akisema "Salaam aleikum", hiyo naijibu kamili, "Waaleikum salaam," kwa sababu ni dua na haiulizi kitu. Halafu nanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kugumu. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo "elfu moja, elfu mbili", nikifika elfu mbili kama hajaanza nasema "Nakusikiliza," na sauti inashuka mwishoni, isipande kama naulizia. Ikipanda inakuwa swali tena.

Kwa simu usivuke hapo ukiwa kimya, maana yeye hakuoni, atadhani laini imekatika aanze "halo? halo?" na hasira ipande upya. Ana kwa ana unaweza kukaa kimya zaidi kidogo kwa sababu macho yako yanamjibu. Wewe una kibanda, kwa hivyo una kitu ambacho mimi sikuwa nacho: mikono. Ukiacha unachofanya, ukaweka kalamu chini, ameshaona.

---

BiMkubwaKibokoni · saa 5 usiku

Nimekusoma mwanangu, na hilo la habari kuwa na jibu moja ni kweli, sikuwahi kulitazama hivyo. Lakini "Halo, karibu" na kisha kimya? Kwetu hapo mtu angesema ameingia kwa mtu mwenye kiburi. Na aya je?

---

MwanaChuoniGanjoni · saa 5:15 usiku

Bi Mkubwa, kwa heshima zote. Aya hiyo ina sehemu mbili. Jibuni kwa iliyo bora kuliko hiyo, au irudisheni hiyo hiyo. Kwa hivyo kurudisha sawa na ulichopewa pia ni kutii. Kilichokatazwa ni kuacha bila kujibu au kujibu pungufu. Dada akisema "Halo, karibu" amerudisha na ameongeza karibu juu yake.

---

BiMkubwaKibokoni · saa 5:22 usiku

Hapo umenishika. Nakubali la kurudisha. La kunyamaza bado sijalikubali.

---

MtuWaBaraNyali · Jumanne, saa 12 asubuhi

Naomba niseme kitu kama mgeni. Nimekulia Nakuru, niko Mombasa mwaka wa nne, nafanya kazi Nyali. Mimi nikiingia dukani nasema "Halo" na hiyo ndiyo salamu yangu yote. Sina hasira. Huko kwetu imetosha. Mwaka wa kwanza watu hapa walikuwa wananiuliza kama nina tatizo, na kweli nikawa naanza kuwa na tatizo, kwa sababu kila duka naulizwa mbona nimekasirika. Na pumzi? Ukipanda ule mlima wa feri na begi mgongoni mwezi wa Februari utashusha pumzi upende usipende. Kwa hivyo nawaomba msichukue "halo" peke yake kuwa ni hasira.

---

NesiChangamwe · saa 1 asubuhi

Mtu wa Bara ana haki, na wacha niongeze la upande wangu. Kila mmoja wetu hushusha pumzi ya namna hiyo mara kumi na mbili hivi kwa saa bila kujijua. Ni pumzi yenye hewa kama mara mbili ya pumzi ya kawaida, na kazi yake ni kuvifungua tena vile vifuko vidogo vya mapafu vilivyojikunja. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani, Feldman na Krasnow na wenzao, walionyesha kwa panya kikundi kidogo cha chembe kwenye shina la ubongo kinachoiamuru. Kwa hivyo si kila pumzi ni ujumbe.

Lakini ya mlima na ya moyo hazifanani, ukitazama. Aliyechoka kwa kupanda anahema. Pumzi zinakuja moja baada ya nyingine, mdomo wazi, kifua kinapanda na kushuka, na zilianza kabla hajafika kwako. Aliyebeba jambo hutoa moja tu, ndefu, na huitoa baada ya kusimama, mara nyingi baada ya kutamka neno la kwanza. Mabega yanashuka na hayapandi tena upesi. Dada alisema mabega yalishuka nayo. Hiyo si ya mlima.

Na tena, kuna mwanasaikolojia wa Oslo, Karl Halvor Teigen, aliyechunguza jambo hili hili mpaka akapewa tuzo ya Ig Nobel mwaka 2011, ile ya tafiti zinazochekesha kwanza kisha zikakufikirisha. Aliwapa watu mafumbo magumu akawatazama. Walikuwa wanashusha pumzi pale jitihada moja inapogoma, kabla ya kujaribu tena au kuacha. Alichokiona ni kwamba mwenye kushusha pumzi kwa kawaida anajihisi ameachilia jambo lililomshinda, ilhali anayemsikia humdhania ana huzuni. Sisi huku nyuma ya kaunta tunadhania vibaya zaidi. Tunadhani ametukasirikia sisi.

---

WakalaLikoni · saa 1:30 asubuhi

Nesi, hapo umenigusa. Nilidhani kweli ana chuki na mimi, nikaona nimfanye anipende kwanza.

---

MiakaTisaKwaSimu · saa 2 asubuhi

Ndiyo maana ukamwomba acheke. Ulikuwa unaomba kitu chako kutoka kwake, naye alikuja kuomba kitu kutoka kwako. Nilifanya hivyo miaka miwili ya kwanza.

Na Mtu wa Bara, jibu ninalolisema halikuumizi wewe. Ukiniambia "Halo" huna hasira, nami nikakuambia "Halo, karibu" nikanyamaza, utaniambia unataka kutoa elfu mbili na tutamalizana. Sijakudhania chochote. Ndiyo uzuri wake, huhitaji kujua kwanza kama mtu ana hasira ndipo umjibu sawa.

---

TuktukMtongwe · saa 2:15 asubuhi

Sasa nimeelewa swali. Na mimi yamenipata. Wiki iliyopita abiria kaingia pale stendi, kijana wa ofisini, kasema "Sasa," kisha *tsss* ya kufyonza meno. Mimi nikajibu hivyo hivyo, "Sasa," nami nikafyonza. Si mmesema mrudishie kipimo chake? Yakhe, tulifika Ukunda road tunagombana. Alishuka kabla ya kituo na nauli nikaidai barabarani.

---

MwalimuWaKisauni · saa 2:40 asubuhi

Ndugu wa tuktuk, ulichosikia si pumzi. Hiyo ni kusonya. Kushusha pumzi hewa inatoka, na mara nyingi mtu hakusudii. Kusonya hewa inavutwa kwenye meno, na hakuna mtu anayesonya kwa bahati mbaya. Anayesonya anamsonya mtu au kitu. Iko na ya tatu, kuguna, ile "mmh" ya kooni, ambayo ni kama mtu ana neno na amelizuia. Wafundishwao Kiswahili darasani huzichanganya, na wakubwa pia huzichanganya wakiwa wamekasirika.

Na anayesonya harudishiwi msonyo. Linalorudishwa ni salamu, basi.

---

MiakaTisaKwaSimu · saa 2:55 asubuhi

Mwalimu kasema. Pumzi yake huirudishi kamwe, hata kwa nia njema. Nimewaona wenzangu wakishusha pumzi pamoja na mteja, wakidhani wanamwonyesha wako naye. Kwenye simu inasikika kama umechoka naye.

Kwa aliyesonya, mimi najibu salamu kisha siendi kwenye "nakusikiliza". Nauliza swali moja la kazi, fupi, lenye jibu la neno moja. Kwa tuktuk ni "Twaenda wapi?" Aliyesonya anataka mambo yaende. Mpe kitu kiende.

---

TuktukMtongwe · saa 3 asubuhi

Sawa. Lakini kama ananisonya mimi kwa sababu nimechelewa kumchukua?

---

MiakaTisaKwaSimu · saa 3:10 asubuhi

Basi litaje wewe kabla yake. "Nimechelewa, nisamehe. Twaenda wapi?" Maneno hayo tu, bila sababu. Ukianza foleni, ukianza askari, umemlazimisha asikilize shida zako. Dada wa Likoni pia, kama umefungua kibanda saa tatu na mtu amesimama tangu saa mbili, au floti imekuisha na alikuja jana ukamwambia arudi, ile pumzi ni yako kabisa. Hapo "karibu" peke yake inaudhi. Mwambie "Floti ipo leo."

---

BiMkubwaKibokoni · saa 5 asubuhi

Na "pole" imekwenda wapi? Nimesoma yote haya sijaiona. Mtu ameshusha pumzi mbele yangu, neno la kwanza kwetu ni pole. Pole mamangu. Hata kama sijui ana nini. Neno hilo Mungu ametupa, wengine hawana.

---

MiakaTisaKwaSimu · saa 5:30 asubuhi

Bi Mkubwa, nilikuwa naisubiri hiyo. Kwenye simu pole ya mapema iliniharibia nyingi. Mtu: "Halo. Haaah." Mimi: "Pole sana." Yeye: "Pole ya nini? Wajua nilichopigia?" Na ana haki, sijui. Inasikika kama neno la kumtuliza mtoto. Mimi pole naiweka baadaye, akishataja jambo, na naifunga kwenye jambo lenyewe. "Pole kwa hizo pesa." Hapo hawezi kuniuliza ya nini.

---

BiMkubwaKibokoni · saa 5:45 asubuhi

Wewe walikuwa hawakuoni uso. Mimi nikisema pole mtu ananiona. Pole yangu si ya kujua, ni ya kumpokea. Mtu akija amebeba ndoo, si unampa pole ya ndoo kabla hujajua maji ni ya nini?

---

NesiChangamwe · saa 6 mchana

Mimi wadini nasema pole mapema na haijanirudi vibaya. Lakini kwangu watu huja wagonjwa, wanaitegemea. Sijui kwa kibanda cha pesa.

---

WakalaLikoni · Alhamisi, saa 2 usiku

Nimerudi. Siku tatu nimejaribu, nawaletea yaliyotokea kama yalivyotokea.

Jumatano asubuhi, mzee wa kanzu na koti. "Salamaleko." Kisha pumzi moja, ndefu, kwa pua. Nikakumbuka ya Nesi, hakuwa anahema, na ilikuja baada ya salamu. Nikaweka kalamu chini. "Waaleikum salaam." Nikanyamaza. Wallahi ilikuwa muda mrefu. Mdomo wangu ulikuwa unataka kusema za asubuhi mzee wangu. Nikajibana. Nilipofika "elfu mbili" nikasema, "Nakusikiliza, babangu." Akaweka simu juu ya kaunta, akaisukuma kwangu, akasema, "Hii nimelipa stima tangu jana usiku, tokeni haijaja, na friji ina samaki."

Angalieni, salamu yake ilikuwa neno moja na sentensi yake ya pili ilibeba kila kitu nilichohitaji, amelipa nini, lini, na kwa nini ana haraka. Nikamwambia, "Pole kwa samaki. Tuone ulilipa kwa nambari gani." Tukafungua ujumbe. Alikuwa ameandika 888888, ile ya bili ya mwisho wa mwezi, badala ya 888880 ya tokeni. Kwa hivyo tokeni isingekuja hata angengoja wiki. Nikamnunulia nyingine kwa nambari sahihi, zile tarakimu 20 zikaja tukiwa tumesimama, na ile ya kwanza nikamwandikia kwenye karatasi aende nayo ofisini wamfuatilie. Alipoondoka ndipo yeye akaniuliza, "Na wewe hujambo, mwanangu?" Salamu yote ya Bi Mkubwa ilikuja, ila ilikuja mwisho.

---

BiMkubwaKibokoni · saa 2:10 usiku

Hapo nimefurahi mwanangu. Ikija mwisho pia ni salamu.

---

WakalaLikoni · saa 2:25 usiku

Lakini moja haikwenda. Leo mchana, dada wa rika langu. "Halo," na pumzi. "Halo, karibu." Nikanyamaza. Akanitazama, akashusha pumzi tena, nzito zaidi. "Nakusikiliza." Akasema, "Si unione tu nataka kutoa pesa?" Alikuwa ameshashika kitambulisho mkononi muda wote na mimi sikukiona, nilikuwa nimemkazia macho usoni nikisikiliza pumzi.

---

MiakaTisaKwaSimu · saa 2:40 usiku

Hiyo pumzi ya pili ndiyo ya kuangalia. Ya kwanza alikuja nayo. Ya pili, baada ya wewe kusema, umempa wewe. Ikija ya pili usirudie neno lile lile, badilisha hapo hapo. Na kitambulisho mkononi ni jibu tayari, hakuna haja ya kimya. "Halo, karibu. Shilingi ngapi?" Mimi kwa simu sikuwa na mikono ya watu ya kutazama, kwa hivyo hilo sikukuambia. Nisamehe.

---

MtuWaBaraNyali · saa 3 usiku

Huyo dada angeweza kuwa mimi. Sisi wengine kimya cha mtu wa duka kinatutia wasiwasi, tunadhani tumefanya kosa.

---

BiMkubwaKibokoni · saa 3:15 usiku

Ndiyo nililosema la kunyamaza! Na ungeanza na pole angejua umemwona.

---

MiakaTisaKwaSimu · saa 3:20 usiku

Bi Mkubwa, na angekuuliza pole ya nini, na yeye alitaka kutoa pesa tu.

---

BiMkubwaKibokoni · saa 3:22 usiku

Pole ya jua, mwanangu. Hapa Mombasa mchana haikosi ya kumpa mtu pole.

---

TuktukMtongwe · saa 4 usiku

Mimi nina swali jingine. Kwangu injini inanguruma, abiria yuko nyuma, pumzi yake siisikii. Nitajuaje?

---

MwalimuWaKisauni · saa 4:10 usiku

Kioo unacho. Mtazame mabega anapokaa, kabla hujawasha.

---

TuktukMtongwe · saa 4:12 usiku

Kesho asubuhi nakigeuza kidogo. Sasa hivi kinaangalia barabara tu.

---

NesiChangamwe · saa 4:20 usiku

Kiache kiangalie barabara, kakangu. Geuka wewe mwenyewe umwambie karibu, kabla hujaondoka stendi.